Tumbo kuharibika baada ya vitamini au unga wa mitishamba: namna ya kujua kama ndicho chanzo

Katika maduka ya dawa ya Bukoba mjini, na hata katika meza za wauzaji wa siku za gulio wilayani Muleba, kuna makopo ya vitamini yaliyoandikwa kwamba hayana madini ya chuma. Wanunuzi wengi huyataka hayo kwa sababu wamewahi kutumia vidonge vyenye chuma na wanakumbuka vilivyowafunga choo, vilivyowachafua moyo na kuwageuza choo kuwa cheusi. Kando ya makopo hayo huwekwa mikebe ya unga wa kijani wa mitishamba, mingine ikielezwa kuwa ni ya kuongeza nguvu, mingine ya kusafisha tumbo.

Baada ya siku mbili tatu za matumizi, mmoja anaharisha, mwingine tumbo linajaa gesi, wa tatu anasikia kichefuchefu kila asubuhi. Hapo familia hugawanyika. Kuna wanaosema dawa inafanya kazi, inatoa uchafu, na mgonjwa avumilie. Kuna wanaosema kopo lote litupwe. Wengine wanaona kwamba kwa kuwa halina chuma, haliwezi kusumbua tumbo, basi tatizo litakuwa chakula.

Pande zote tatu zinaweza kukosea. Kuondolewa kwa chuma hakufanyi kidonge kiwe salama kwa kila tumbo, na dalili kuanza baada ya dawa hakuthibitishi kwamba imeletwa na dawa. Lakini jibu linaweza kupatikana nyumbani, kwa daftari na saa ya ukutani, mradi mtu anajua ndani ya kopo kuna nini na kila kitu huchukua muda gani kuonyesha athari yake.

Kilichomo na saa yake

Kidonge cha vitamini kisicho na chuma kwa kawaida kina vitu vingine vinavyoweza kugusa tumbo, na vitatu kati yake ndivyo vinavyolalamikiwa zaidi.

Cha kwanza ni zinki. Madini haya yakimezwa tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu, wakati mwingine na kutapika, na dalili huja upesi, mara nyingi ndani ya saa moja. Kidonge kilekile kikimezwa baada ya mlo, watu wengi hawasikii chochote. Kwa mtu mzima, kiwango cha juu kisichopaswa kuzidishwa bila ushauri wa daktari ni miligramu 40 kwa siku.

Cha pili ni magnesiamu. Wazee wanaokumbuka chumvi ya haluli wanaijua kazi yake, kwa kuwa haluli yenyewe ni chumvi ya magnesiamu. Sehemu isiyofyonzwa hubaki kwenye utumbo, inavuta maji, na choo kinakuwa laini au cha majimaji saa chache baadaye. Kiasi kidogo kilichochanganywa kwenye vidonge vya vitamini nyingi kwa pamoja kwa kawaida hakitoshi kuharisha. Tatizo huanza pale mtu anapomeza vidonge vya magnesiamu peke yake, hasa akipita miligramu 350 kwa siku kutokana na vidonge.

Cha tatu ni vitamini C kwa dozi kubwa. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji mara nyingi huwa na miligramu 1,000 kila kimoja. Mtu akinywa kimoja asubuhi, kimoja mchana na kingine usiku, amepita miligramu 2,000, kiwango ambacho juu yake kuharisha na msokoto wa tumbo ni jambo la kutarajiwa. Utaratibu ni uleule wa magnesiamu: kilichozidi hakifyonzwi, nacho huvuta maji.

Mitishamba ina saa yake tofauti. Mikebe mingi ya kusafisha tumbo hutegemea sanamaki, au utomvu wa njano wa shubiri mwitu, ambayo sokoni hujulikana zaidi kama alovera. Vitu hivi viwili havifanyi kazi papo hapo. Husafiri hadi utumbo mpana, huko vijidudu vya kawaida vya utumbo huvibadilisha, kisha ndipo misuli ya utumbo inachochewa kusukuma. Safari hiyo huchukua kati ya saa 6 na 12. Ndiyo maana anayekunywa unga huo usiku huamshwa alfajiri na tumbo, na kwa kuwa saa nyingi zimepita, si rahisi kuuhusisha na kijiko cha jana.

Mlonge na unga mwingine wa majani una njia nyingine tena. Una nyuzinyuzi nyingi, na mtu akianza ghafla na vijiko vikubwa, utumbo hujaa gesi na choo hulainika. Unga wenye nyuzinyuzi ukinywewa bila maji ya kutosha unaweza kufanya kinyume chake na kufunga choo.

Hakuna jambo geni katika kusema kwamba majani yana nguvu. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili walichapisha mwaka 2009, 2010 na 2012 orodha za mimea ya dawa inayotumiwa na watu wa Bugabo na Katoro wilayani Bukoba, na wa kijiji cha Kikuku wilayani Muleba. Kila aliyekulia Buhaya anaujua mubilizi na uchungu wake. Lakini mmea wenye nguvu ya kutibu una pia dozi inayozidi. Tofauti ya sasa ni kwamba mzee aliyechuma majani alijua ni majani gani na alipima kwa mkono wake, wakati mkebe wa dukani unaweza kuwa na mimea mitano iliyosagwa pamoja, bila kuonyesha kila mmoja umewekwa kiasi gani.

Mfano wa mwalimu wa Kamachumu

Ili kuona namna ya kupima jambo hili, uchukuliwe mfano wa kubuni wa mwalimu wa shule ya msingi wa Kamachumu, mwenye umri wa miaka 46. Jumamosi amekwenda Bukoba na kurudi na vitu viwili: kopo la vitamini lisilo na chuma na mkebe wa unga wa kusafisha tumbo. Jumapili amehudhuria harusi, amekula pilau na senene wa kukaanga. Jumatatu usiku, saa 3, ameanza unga: vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwenye maji ya uvuguvugu. Kidonge cha kwanza cha vitamini amekimeza Jumanne saa 1 asubuhi kwa chai ya rangi, kabla ya kwenda shuleni.

Jumanne hiyo hiyo ameharisha mara tatu, na nusu saa baada ya kidonge amesikia moyo kumchafuka. Jumatano mambo yamekuwa yaleyale. Mume wake analaumu senene. Dada yake analaumu vitamini. Yeye mwenyewe anaona unga unatoa uchafu.

Swali la kwanza ni saa. Katika daftari lake, choo cha kwanza cha majimaji Jumanne kilikuja saa 11 alfajiri. Wakati huo alikuwa hajameza kidonge hata kimoja cha vitamini. Kwa hiyo kuharisha kule kwa kwanza hakuwezi kuwa kwa vitamini, kwa sababu kitu hakiwezi kuleta dalili kabla hakijaingia mwilini. Unga wa saa 3 usiku, kwa upande mwingine, ulikuwa umekaa saa 8, muda uleule wa sanamaki. Akigeuza mkebe na kusoma maandishi madogo, anakuta sanamaki imetajwa ya pili.

Swali la pili ni kama kuna kitu kingine kinachoweza kueleza hali hiyo. Harusi ya Jumapili haiwezi kuondolewa hivi hivi. Chakula kilichoharibika kinaweza kuharisha mtu siku moja au mbili baadaye. Njia ya kupima hilo ni kuuliza waliokula naye. Mume wake na watoto wawili walikula sahani hiyo hiyo na hawana neno. Pia, kuharisha kwa chakula kibovu huja saa yoyote ya mchana na usiku, na mara nyingi huambatana na homa au kutapika. Kwake kunaanza alfajiri na kukoma kabla ya mchana, kila siku. Hata hivyo, hii bado ni dalili ya mwelekeo, si hukumu.

Swali la tatu ni kinachotokea kitu kinapokosekana. Alhamisi amelala kwa dada yake mjini Muleba na mkebe wa unga ameuacha nyumbani, lakini vidonge alikuwa navyo kwenye mkoba. Ijumaa asubuhi hakuharisha kabisa. Kichefuchefu, hata hivyo, kilimjia kama kawaida nusu saa baada ya kidonge.

Hapa watu wengi husimama na kutoa hukumu, na ni mapema mno. Kuharisha kwa ghafla, kwa sababu yoyote ile, mara nyingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache. Kama lilikuwa ni tumbo la harusi, siku ya Ijumaa lilikuwa limefikia wakati wake wa kupona, hata kama asingeacha chochote. Kupata nafuu baada ya kuacha dawa ni ushahidi wa nusu tu.

Nusu ya pili ilikuja bila kupangwa. Ijumaa usiku, akiwa amerudi Kamachumu, amekunywa unga tena kwa kipimo kilekile. Jumamosi saa 11 alfajiri tumbo limemwamsha. Sasa kuna mfululizo: amekunywa, ameharisha; ameacha, limetulia; amerudia, limerudi, tena kwa saa ileile. Ugonjwa wa harusi haujui ni usiku gani mkebe umeachwa nyumbani. Unga ndio unaoharisha, na kurudia jaribio mara nyingine hakuna haja.

Swali la nne ni kiasi, na hili ndilo linalookoa kopo la vitamini. Kwenye kopo pameandikwa magnesiamu miligramu 100, vitamini C miligramu 60 na zinki miligramu 15 kwa kila kidonge. Magnesiamu na vitamini C ziko mbali na viwango vya kuharisha. Zinki, ingawa haijafika 40, imekuwa ikimezwa na chai tupu, na kichefuchefu kilikuja ndani ya nusu saa kila siku, pamoja na siku ile ambayo unga haukunywewa.

Kwa hiyo mwalimu huyo alikuwa na dalili mbili zenye vyanzo viwili. Baada ya kuacha vyote kwa wiki moja na tumbo kutulia, amerudisha kidonge peke yake, safari hii mara baada ya chakula cha mchana cha ndizi na maharage. Siku tatu zimepita bila kichefuchefu. Kidonge hakikuwa kibaya. Kilikuwa kinamezwa wakati usiofaa. Unga ameuacha kabisa, kwa kuwa hakuwa na tatizo la choo tangu mwanzo na hakukuwa na uchafu wowote wa kutoa. Kilichokuwa kinatoka ni maji na chumvi za mwili.

Namna ya kuacha na kujaribu tena

Mfano huo unaonyesha kwa nini kosa kubwa ni kuanza vitu viwili siku moja. Anayetaka kuanza kirutubisho kipya hupata jibu rahisi zaidi akianza kimoja, akakaa nacho wiki moja, ndipo akaongeza kingine. Na kabla ya kuanza, siku tatu za kuandika hali ya tumbo lake la kawaida zina thamani kubwa, kwa sababu wengi hugundua kwamba gesi wanayoilaumu ilikuwapo tangu zamani.

Daftari halihitaji mengi. Tarehe, saa ya kumeza, kiasi, kama alikuwa amekula, dalili na saa yake. Pafaa pia kuongeza kitu chochote kipya cha siku hizo: dawa ya hospitali, maji ya kisima kingine, pombe, kikombe cha maziwa. Wanaoanza metifomini kwa ajili ya kisukari huharisha mara nyingi katika wiki za mwanzo, na dawa za kuua bakteria zinaweza kuharisha pia. Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria, kichocho cha tumbo na minyoo visisahauliwe. Kuharisha na maumivu ya tumbo yaliyokuwapo wiki nyingi kabla ya kopo kununuliwa si mali ya kopo.

Dalili zikiwa ndogo, kinachoachwa ni kirutubisho, si dawa za hospitali. Mgonjwa wa presha, kisukari au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi haachi dozi zake ili kupima unga. Kwa zinki, magnesiamu na vitamini C, siku mbili hadi tatu za kuacha kwa kawaida hutosha kuona mabadiliko. Kwa unga wa mitishamba, wiki moja ni salama zaidi. Wiki ikiisha na dalili ziko palepale, kirutubisho hakina hatia, na chanzo kitafutwe kwingine.

Aliyetumia unga wa sanamaki au shubiri kwa miezi hupaswa kujua jambo moja zaidi. Akiuacha, choo kinaweza kuwa kigumu kwa siku kadhaa kwa sababu utumbo umezoea kuchochewa. Wengi hulichukulia hilo kama ushahidi kwamba wanauhitaji mkebe, wanaurudia, na mzunguko unaendelea. Dawa za namna hiyo zinafaa kwa siku chache, si kinywaji cha kila usiku.

Kujaribu tena hufanywa tumbo likiwa limetulia kabisa, kitu kimoja kwa wakati, kwa nusu ya kipimo, baada ya chakula. Dalili ikirudi kwa saa ileile, jibu limepatikana. Isiporudi, kipimo kinaweza kupandishwa hadi kile kilichoandikwa, na hapo itajulikana kama tatizo lilikuwa kitu chenyewe au wingi wake.

Choo cheusi bila chuma

Kuna dalili moja ambayo maneno ya kwenye kopo huwapotosha watu kwa namna ya hatari. Vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi au cha kijani kilichoiva, na watu wengi wamelizoea hilo kutoka kliniki. Sasa mtu anapotumia vitamini yoyote na kuona choo cheusi, husema ni vitamini, anaendelea na shughuli zake.

Kama kopo halina chuma, maelezo hayo hayapo tena. Mkaa wa dawa unaweza kufanya choo kiwe cheusi, na unga wa majani unaweza kukifanya kiwe cha kijani, lakini zinki, magnesiamu, vitamini C na vitamini za kundi B hazifanyi hivyo. Vitamini B2 hubadilisha rangi ya mkojo tu, ukawa wa njano inayong'aa, na hilo halina madhara.

Choo cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, ni alama ya damu iliyotoka juu, kwenye tumbo au mwanzo wa utumbo, ikabadilika rangi njiani. Wanaopata tatizo hili mara nyingi ni watu wazima wanaotumia dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kwa ajili ya magoti na mgongo. Mzee anayetumia diklofenaki kila siku, kisha akaanza vitamini na akaona choo cheusi, yuko katika hatari ya kulaumu kopo jipya na kuacha dawa ya zamani iendelee kuchimba kidonda. Kizunguzungu anaposimama, moyo kwenda mbio na weupe wa viganja huonyesha kwamba damu imeshapungua. Huyo hangoji wiki moja ya majaribio. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na makopo yake yote yanakwenda naye.

Pasipo na nafasi ya kujaribu

Jaribio la kuacha na kurudia ni la kichefuchefu, gesi na choo laini. Kuna dalili ambazo mtu aliyewahi kuzipata baada ya kirutubisho haruhusiwi kurudia hata kijiko kimoja. Macho au ngozi kuwa ya njano, mkojo kuwa kama chai ya rangi na maumivu chini ya mbavu za kulia huashiria ini limeguswa, na baadhi ya mitishamba ina uwezo huo. Midomo au uso kuvimba, vipele vya kuwasha mwili mzima na pumzi kubana ni mzio, na mara ya pili unaweza kuwa mkali kuliko ya kwanza. Damu kwenye choo nayo ni ya hospitali, haijalishi imeanza lini.

Homa ni alama nyingine ya kuangaliwa. Vitamini haileti homa. Mwenye homa, kutapika na kuharisha ana maambukizi hadi ithibitike vinginevyo, na Kagera ina sababu ya kulikumbuka hilo. Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg wilayani Bukoba, ugonjwa ambao dalili zake ni pamoja na homa, kutapika na kuharisha, na mlipuko huo haukutangazwa kuisha hadi Juni mwaka huo. Malaria pia huweza kuanza kwa kutapika na tumbo kusokota, hasa kwa watoto. Kukaa nyumbani kwa kuamini kwamba ni unga mpya kunaweza kugharimu maisha.

Mtoto wa chini ya miaka mitano hafanyiwi jaribio lolote. Anayeharisha hupewa maji yenye chumvi maalumu, pakiti moja ndani ya lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kisha hupelekwa kituoni. Mtu mzima anayeharisha naye anahitaji maji hayo wakati anasubiri daftari limpe jibu. Pakiti ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji hufaa.

Mjamzito ana suala lake peke yake. Vidonge vya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki vina kazi ya kuzuia upungufu wa damu, na kopo lisilo na chuma haliwezi kuchukua nafasi yake. Vikimsumbua, anaweza kuvimeza baada ya chakula au wakati wa kulala, na kumweleza muuguzi ili atafutiwe mpango mwingine. Unga wa sanamaki au utomvu wa shubiri hautakiwi kuguswa na mjamzito bila ushauri wa kliniki.

Cha kubeba kwenda kituoni

Mhudumu wa afya akisikia tu kwamba mgonjwa anatumia vitamini na dawa za kienyeji, ana kidogo sana cha kufanyia kazi. Akiwekewa mezani kopo lenyewe, mkebe wenyewe na ukurasa wa daftari, anaweza kusoma viungo, kupima kiasi na kuona saa. Kama unga ulinunuliwa bila lebo, kiasi kilichobaki kibebwe ndani ya mfuko wake, pamoja na jina la mmea aliloambiwa mnunuzi, kwa Kiswahili au kwa Kihaya.

Madhara makubwa yanayodhaniwa kuletwa na dawa hupelekewa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na mhudumu wa kituo ndiye anayeweza kusaidia kujaza taarifa hiyo. Kwa upande wa mitishamba lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2002, ambalo linasimamia waganga na dawa zao. Mnunuzi ana haki ya kumwuliza muuzaji kama mkebe wake umesajiliwa, na ni vizuri aulize kabla ya kulipa.

Swali jingine la kuuliza dukani ni rahisi zaidi: ndani mna mimea gani, na kijiko kimoja kina kiasi gani cha kila mmoja? Muuzaji asiyeweza kujibu hilo anamwachia mnunuzi kazi ya kulijibu kwa tumbo lake.